Babu Hajafundishwa, Amefanyiwa

Kuna aina ya hadithi ambayo sisi Wakenya tumeizoea mpaka tunaujua mwisho wake kabla hatujafika ukurasa wa pili. Mzee hajui simu, mtoto anaijua. Mzee anakosea, tunacheka. Mtoto anamwelekeza, tunaguswa. Mwisho mzee anatuma pesa na kila mtu anafurahi. Hadithi fupi ninayoijadili hapa ni ya ukoo huo. Ina kurasa saba, haijachapishwa wala haijapewa jina, na mwandishi wake, ambaye tunasomeana kazi katika kikundi kimoja, amekubali niihakiki hadharani angali anaifanyia marekebisho. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba nisimtaje.

Ingekuwa hadithi mbaya nisingehangaika nayo. Naiandikia kwa sababu imebakisha kidogo sana kuwa hadithi kubwa, na kilichobaki hakipatikani kwenye lugha wala kwenye mtiririko. Kiko kwenye swali ambalo Babu hakuliuliza.

Hadithi yenyewe ni hivi. Babu anakaa Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, na ana minazi. Kwa miaka mingi mnunuzi wa kutoka Kongowea amekuwa akija na gari, wanahesabu nazi pamoja, noti zinaingia mkononi. Siku moja mnunuzi anasema yeye hatembei tena na pesa taslimu, sasa atatuma kwa simu. Babu ana kabambe anayoitumia kupokea simu na kupiga, basi. Mjukuu wake wa miaka 11, aliyekuja likizo kutoka Mombasa anakokaa na mama yake, anapewa kazi ya kumfundisha M-PESA. Mwandishi hakuwapa majina. Mmoja ni Babu, mwingine ni Mjukuu, na kwa hadithi fupi namna hii hilo linatosha.

Masomo yanachukua siku tatu. Siku ya kwanza wanaenda kwa wakala kutoa shilingi 1,000 ambazo mama ya Mjukuu ametuma. Siku ya pili malipo ya nazi yanaingia, na Babu anafundishwa kuangalia salio. Siku ya tatu mtu asiyejulikana anapiga simu akilia kwamba ametuma shilingi 2,000 kwa makosa, anaomba arudishiwe maana ni pesa ya dawa ya mtoto. Babu anataka kurudisha. Mjukuu anampokonya simu, anapiga ukelele "Babu, ni mwizi!" na kuizima. Jioni hiyo Babu anamtumia binti yake shilingi 100 "kwa kidole chake mwenyewe", Mjukuu anapiga makofi, na hadithi inafungwa.

Nianze na kilichonifurahisha. Siku ya pili, baada ya meseji ya malipo kuingia, Babu anauliza, "Sasa pesa yenyewe iko wapi?" Mjukuu anajibu, "Iko ndani ya simu." Usiku Babu anaichukua ile kabambe, anaifunga kwenye kitambaa alichokuwa akifungia noti, na kuisukuma chini ya godoro. Hakuna maelezo zaidi. Aya inaishia hapo. Ni mahali pazuri kuliko pote katika hadithi, kwa sababu Babu amefanya jambo la akili kabisa kwa mtu aliyepewa jibu lile. Kama pesa iko ndani ya simu, basi simu inalindwa kama pesa.

Ila jibu lenyewe si sahihi. Pesa haiko ndani ya simu. Iko kwenye akaunti inayofuata namba yako, na shilingi zenyewe zinahifadhiwa katika benki kwa niaba ya wateja. Kabambe ya Babu ikitumbukia kisimani, anaenda na kitambulisho chake, anatengenezewa laini nyingine yenye namba ileile, na salio lake linamngoja. Mtoto wa miaka 11 hajui hilo, na simlaumu. Watu wazima wengi wanaotumia M-PESA kila siku hawalijui pia. Lakini hapo hadithi imetuonyesha kitu, labda bila mwandishi kukusudia. Mwalimu mwenyewe anajua kubonyeza tu. Ukimwuliza kuna nini nyuma ya kitufe, anakujibu lolote linalomjia. Nilipofika hapo nilikaa sawa kwenye kiti nikidhani hadithi itaenda kule. Haikwenda.

Badala yake mwandishi anamgeuza Babu kuwa kichekesho, na hapa ndipo nina ugomvi naye. Katika ukurasa wa kwanza Babu ni mfanyabiashara. Anahesabu nazi kwa macho kabla hazijapakiwa, na mnunuzi akisema ni 170 yeye anasema, "Hesabu tena, ni 180," na kweli zinakuwa 180. Ni mtu ambaye hakuna anayemwibia hata nazi moja. Kisha simu inaingia kwenye hadithi, na ghafla mtu huyuhuyu hana akili. Anabonyeza vitufe vibaya, anaongea na skrini, anauliza kama pesa inaweza kulowa mvua ikinyesha wakati wa kutumwa. Tunacheka, sawa. Lakini yule mzee wa nazi 180 ameenda wapi?

Chukua tukio la wakala. Mama ametuma shilingi 1,000. Babu anatoa shilingi 1,000, anazipokea, anarudi nyumbani akiwa amebakiwa na sifuri kwenye simu. Yeyote aliyewahi kutoa pesa atasimama hapo, maana jambo hilo haliwezekani. Kwa viwango vinavyotumika ninapoandika, kutoa shilingi 1,000 kunakatwa shilingi 29, na kama salio lako ni 1,000 kamili, mtambo unakataa na kukuambia pesa hazitoshi. Ili Babu ashike 1,000 taslimu, binti yake angetuma 1,029. Na kwa kuwa 1,029 imevuka 1,000, ada ya kutuma inapanda kutoka shilingi 13 hadi 23. Kwa hiyo mama anatokwa na shilingi 1,052 ili baba yake ashike 1,000.

Sisemi hivyo ili nionekane mjuaji. Hadithi si risiti. Nasema kwa sababu kwenye hizo shilingi 29 mna hadithi nzima ambayo mwandishi ameiruka. Huku kwetu mtu akikutumia pesa, kuna kutuma na kuna kutuma "na ya kutoa". Mtoto anayetuma na ya kutoa amekufikiria ukiwa umesimama pale dirishani. Asiyeweka, ama amesahau, ama hana, ama hajali, na mzazi anakaa na jambo hilo moyoni bila kulisema. Binti huyu aliweka au hakuweka? Kama hakuweka, Babu aliambiwa nini pale dirishani, na Mjukuu, ambaye aliyetuma ni mama yake mzazi, alisimama na uso gani? Zaidi ya hayo, mzee aliyegombania nazi kumi angekubalije shilingi 29 zipotee bila kuuliza zimeenda kwa nani? Lazima angeuliza. Lakini mwandishi alimtaka Babu asiyejua kitu, akamnyang'anya hesabu yake.

Niseme ninakotoa haya. Nilipoacha chuo nilikaa kwenye kibanda cha M-PESA miezi minane, nikimsaidia mtu wa kwetu. Jambo lililonishangaza halikuwa wazee kushindwa na simu. Lilikuwa namna wanavyosaidiwa. Mzee anafika na mtoto, mtoto anachukua simu, anabonyeza tititi, anamrudishia na kusema, "Tayari." Au mzee anakuja peke yake, anapitisha simu dirishani na kuitaja namba yake ya siri kwa sauti, watu watano wakiwa kwenye foleni. Tunasema mzee amesaidiwa, na ni kweli, pesa ameipata. Ila wiki ijayo atarudi vilevile, na wiki inayofuata vilevile. Hajafundishwa, amefanyiwa.

Nikiwa na tofauti hiyo kichwani niliisoma hadithi tena, safari hii nikifuata vidole tu. Nani anabonyeza? Siku ya kwanza, Mjukuu. Siku ya pili, Mjukuu, Babu akitazama juu ya bega lake. Siku ya tatu Mjukuu anapokonya simu. Kidole cha Babu kinagusa kitufe mara moja tu, kwenye aya ya mwisho, na hata hapo Mjukuu anamsomea kila neno linalotokea, yeye anabonyeza anapoambiwa abonyeze. Hadithi inasema amehitimu. Vidole vinasema vingine.

Kwa nini lazima asomewe? Jibu la mwandishi ni kwamba Babu "hajui kusoma mambo ya simu". Lakini rudi ukurasa wa kwanza. Kabla mnunuzi hajafika, Babu amekaa chini ya mwembe, amevaa miwani, anasoma Taifa Leo ya juzi! Mtu huyu anasoma Kiswahili, tena gazeti zima. Asichoweza kusoma ni Send Money, Withdraw Cash na Enter agent no., kwa sababu simu yake imewekwa kwa Kiingereza. Na ndani ya menyu ya M-PESA, kwenye sehemu ya akaunti, unaweza kubadilisha lugha ukachagua Kiswahili. Ukishafanya hivyo unaona Tuma Pesa, Toa Pesa, na meseji zinakuja kwa Kiswahili. Mzee wa Taifa Leo hangehitaji mtu wa kumsomea hayo.

Sijui kama mwandishi aliliona hili. Nikamwuliza, akacheka, akasema lile gazeti aliliweka kwa ajili ya kupamba mandhari tu. Basi limemponyoka likawa kitu kikubwa kuliko alivyopanga. Kwa gazeti hilo, hadithi haimhusu tena mzee mjinga na mtoto mjanja. Inamhusu mzee anayesoma vizuri, aliyefungiwa nje ya pesa zake na lugha, huku ufunguo ukiwa umening'inia ndani ya menyu na hakuna aliyeutazama. Mjukuu naye anasoma shule ambako Kiingereza ndicho kinachobeba masomo karibu yote, kwa hiyo halimjii wazo la kuitafuta simu ya Kiswahili. Hana ubaya wowote, hivyo ndivyo alivyofunzwa dunia ilivyo. Kama hiyo si maudhui, sijui maudhui ni nini. Na mwandishi hahitaji hata mstari mmoja wa kuhubiri. Anahitaji tu Babu aulize, "Hii simu haijui Kiswahili?" na Mjukuu akae kimya kidogo, kisha aanze kutafuta.

Kuna namba ya siri pia. Hapa mwandishi ameweka tukio halafu akalikimbia. Siku ya kwanza, pale kwa wakala, Mjukuu anasema, "Babu, weka namba yako ya siri." Babu anamwambia aiweke yeye, kisha anainama na kumnong'oneza. Hatuambiwi ni tarakimu gani. Tunaambiwa tu kwamba Mjukuu "alitabasamu". Aya inayofuata tayari wako njiani kurudi.

Tabasamu hilo nimelifikiria sana. Tarakimu nne ndizo zote zinazolinda pesa ya mtu. Wakala hahitaji kuzijua, kazi yake ni kukupa namba yake ya wakala, ambayo huwa imeandikwa ukutani, na kuangalia kitambulisho chako. Mzee akichagua mwaka wake wa kuzaliwa, mwaka huo uko kwenye kitambulisho alichokiweka dirishani. Kwa hiyo swali la namba gani, na nani anaijua, ndilo moyo wa M-PESA yote. Vitufe mtu hujifunza kwa alasiri moja. Kuamua ni nani katika nyumba yako ataijua namba yako, hilo ni jambo la ukoo, na lina historia, na lina aibu ndani yake.

Mjukuu ametabasamu kwa nini? Kama namba ni mwaka wa ndoa ya Babu na Bibi, tumeingia kwenye hadithi nyingine, laini zaidi. Kama ni 1234, tumeingia kwenye hatari. Na baada ya hapo mtoto wa miaka 11 anarudi Mombasa akiwa na ufunguo wa pesa ya babu yake kichwani. Simdhanii ubaya. Lakini likizo zinaisha, watoto wanakua, na nyumbani kukipotea shilingi 500, wa kwanza kutazamwa ni yule anayeijua namba. Babu anayempenda mjukuu wake ana sababu mbili za kumficha namba: kulinda pesa, na kumlinda mtoto asije akashukiwa siku moja. Mwalimu mzuri angegeuka na kutazama ukuta, akamwambia, "Weka mwenyewe Babu, mimi sioni." Fikiria mtoto amegeuka ukutani, na vidole vya mzee vinatafuta tarakimu nne polepole. Akikosea mara tatu namba inafungwa, kwa hiyo kila kubonyeza kuna uzito. Hilo tukio lingeweza kubeba kurasa mbili. Mwandishi amelipa mistari minne.

Sasa tufike siku ya tatu, kwenye yule mpigaji simu, kwa sababu kila nilichosema kinakutana hapo.

Mwandishi ameiandika meseji ya tapeli neno kwa neno, na ninamshukuru, maana ndani yake mna dhahabu ambayo sidhani aliiona. Meseji inasema Babu amepokea Ksh2,000, na kwamba salio lake jipya la M-PESA ni Ksh2,340. Dakika moja baadaye simu inalia, mtu analia. Babu anasema, "Haki ya mtu hailiwi," anamwambia Mjukuu amsaidie kurudisha. Mjukuu anapiga ukelele, anazima simu, tunapumua.

Mimi nikajiuliza, huyu mtoto amejuaje? Hadithi haisemi. Hajaangalia aliyetuma meseji, hajaangalia salio, hajauliza kitu. Amejua kwa sababu watoto hujua, basi. Na Babu hamuulizi. Anatikisa kichwa na kusema, "Dunia imeharibika," na sisi tunaachwa na picha ya mzee aliyeokolewa na mtoto kutoka kwenye wema wake mwenyewe.

Hebu tulifanye tukio lile polepole, kwa vitu vilivyomo humohumo kwenye hadithi. Jana yake mnunuzi alilipa nazi 180 kwa shilingi 20 kila moja. Hizo ni 3,600. Mwandishi amezihesabu mwenyewe kwenye ukurasa wa nne, Babu ameangalia salio, ni 3,600, na hajagusa hata senti. Leo meseji inadai zimeongezeka 2,000. Basi salio lazima liwe 5,600. Meseji inasema 2,340. Tapeli hawezi kujua Babu ana kiasi gani, kwa hiyo amebuni. Na nani katika hadithi hii ana kichwa cha kuiona hesabu hiyo haraka kuliko mtu yeyote? Mzee wa "hesabu tena, ni 180". Uthibitisho wote uko mezani, na silaha ya kuutumia ni ileile aliyonayo Babu tangu ukurasa wa kwanza. Mtu wa kumwokoa Babu alikuwa Babu!

Kuna alama nyingine pia, nyepesi zaidi. Meseji halisi huja kwa jina MPESA, na hukaa pamoja na zile zilizotangulia. Ya tapeli huja kutoka kwa namba ya kawaida ya mtu, kama ya jirani yako. Alama hiyo mtoto angeweza kumwonyesha kwa sekunde kumi. Na kama shaka bado ipo, kuna kuangalia salio, jambo ambalo Babu alifundishwa jana tu. Mwandishi alimfundisha kuangalia salio siku ya pili, halafu siku ya tatu, siku ambayo ujuzi huo ndio ungemsaidia, hakumruhusu autumie. Somo likifundishwa na lisitumike tena, msomaji anahisi ametupiwa mzigo wa bure.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Je, kama pesa ingekuwa imeingia kweli? Hutokea, watu hukosea tarakimu moja. Hapo "Haki ya mtu hailiwi" si ujinga, ni msimamo wa mtu aliyeishi vizuri. Ila njia ya kurudisha si kutuma wewe mwenyewe kwa namba inayokupigia. Aliyekosea huipeleka meseji yake ya kuthibitisha kwa 456, akaomba muamala ubatilishwe kwa utaratibu. Babu angeweza kumwambia yule mpigaji, kwa upole kabisa, "Mwanangu, peleka kwa 456, mimi siigusi pesa yako." Mwenye haki atashukuru. Mwizi atakata simu. Kwa sentensi hiyo moja Babu anabaki mwaminifu bila kuwa mjinga. Hadithi iliyopo inatulazimisha kuchagua kimoja: ama mzee mwema anayeibiwa, ama mtoto mkali anayemwokoa. Naona hilo ni deni kwa wazee, na ni deni kwa wema pia.

Mtu wa kikundi chetu alinipinga hapa. Alisema natafuta kitabu cha mafunzo, si hadithi, na kwamba msomaji hahitaji kujua 456 ili aguswe. Ni hoja nzuri. Lakini sidai mwandishi ajaze namba. Ningemruhusu afute nusu ya hatua za menyu zilizomo sasa, maana "akabonyeza hapa, kisha pale" inachosha. Ninachodai ni swali moja, neno moja: "Umejuaje?" Babu akiliuliza, Mjukuu analazimika kueleza, na katika kueleza tunagundua anachojua na asichokijua. Asipoliuliza, maarifa yanabaki kuwa uchawi wa watoto, na Babu anabaki mgeni kwa pesa yake mwenyewe.

Na swali hilo lina njia ya kupitia ambayo mwandishi hakuitumia kabisa, yaani utani. Pwani babu na mjukuu wana ruhusa ambayo mzazi na mtoto hawana. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake, mjukuu humcheka kwa kukosa meno, na hakuna anayekasirika. Mtoto anaweza kumfundisha babu yake bila kumvunjia heshima kwa sababu utani umekwisha kulainisha njia. Katika hadithi hii Mjukuu anaongea kama mtu wa huduma kwa wateja: weka hapa, sasa bonyeza, subiri. Wangetaniana, Babu angeuliza maswali kumi bila aibu, na kicheko chetu kingekuwa pamoja naye, si juu yake.

Nimebakiza sentensi moja, iliyofichwa katikati ya ukurasa wa pili, ambayo nadhani ndiyo mlango wa hadithi halisi. M-PESA ilianza Machi 2007. Mjukuu wa miaka 11 ameikuta duniani, lakini Babu ameishi nayo miaka yote hiyo. Kwa nini anajifunza leo? Mwandishi anasema, kama anayepita njia: "Mambo ya simu yalikuwa ya Bibi." Kisha anaendelea na nazi.

Bibi hayupo tena kwenye hadithi. Hatuambiwi amekufa, lakini godoro lile ni la mtu mmoja. Kumbe Babu hakuwa mtu asiyejua M-PESA. Alikuwa mtu aliyekuwa na mwenzake wa kuijua, kama nyumba nyingi ambamo mmoja anashika pesa na mwingine anashika panga. Hakufundishwa na Bibi kwa sababu hakuhitaji. Alifanyiwa, kwa mapenzi, miaka mingi, na sasa aliyemfanyia ameondoka. Mjukuu akija naye akamfanyia tena, hajamsaidia kitu, amejaza tu kiti cha Bibi mpaka likizo iishe.

Hapo ndipo mwisho wa makofi unapokosa nguvu. Kama mimi ndiye ninayeirekebisha, ningewaacha Mjukuu na mkoba wake wapande matatu ya Mombasa ukurasa wa tano. Meseji ya tapeli ije kesho yake, Babu akiwa peke yake chini ya mwembe na miwani yake, simu ikiwa kwa Kiswahili, bila mtu wa kupiga ukelele. Aisome. Aisome tena. Halafu afanye kile alichomfanyia mnunuzi wa Kongowea, ahesabu upya. Hatuhitaji kuambiwa amehitimu.